Ombi halijafika na mtu anaapa alilituma: kutafuta kosa kwenye maneno ya vitufe

Mtu amejaza fomu yote, ameambatisha cheti, amebonyeza kitufe kikubwa chini ya skrini na kuondoka akiamini ombi lake limefika. Kwenye seva hakuna ombi, kuna rasimu tu. Malalamiko ya namna hii huletwa kama hitilafu ya mfumo. Mafundi hukagua mtandao na hifadhidata, hawaoni kosa, na mtumiaji hujibiwa kwamba hakukamilisha hatua. Lakini alibonyeza kile alichoambiwa abonyeze. Kabla ya kumlaumu, soma neno lililokuwa kwenye kitufe.

Tutumie programu moja ya simu kama mfano hadi mwisho. Ni ya kuomba nafasi za mafunzo. Ina orodha ya nafasi yenye vichujio, ukurasa wa maelezo ya kila nafasi, hatua ya kuhakiki namba ya simu kwa msimbo, fomu ya kurasa nne, na sehemu ya kuiandikia ofisi inayopokea maombi. Matini ya awali yaliandikwa kwa Kiingereza, kisha mfasiri akapewa faili lenye maneno pekee, bila picha za skrini. Vitufe vyake vinategemea zaidi maneno manne: Tuma, Wasilisha, Thibitisha na Tumia. Kila moja ni Kiswahili sahihi. Matatizo yanatokana na mahali yalipowekwa.

Dalili zifuatazo nimezipanga kwa jinsi mtumiaji anavyozipitia, kuanzia orodha ya nafasi hadi ombi linapofika. Si lazima zote ziwepo kwenye programu yako, ila mara nyingi ukiipata moja utaipata na ya pili, kwa sababu chanzo chao huwa kimoja.

Dalili: watu wanafungua vichujio, wanachagua, kisha wanarudi nyuma bila kubonyeza kitufe

Kwenye kumbukumbu za matumizi utaona ukurasa wa vichujio umefunguliwa, visanduku viwili au vitatu vimewekwa alama, halafu mtu ametoka kwa mshale wa kurudi. Chaguo zake zimepotea. Baadhi hurudia tena, kisha wanaacha kabisa kuchuja na kuamua kupitia orodha yote kwa kidole.

Kitufe cha chini kwenye ukurasa huo kinasema "Tumia". Mfasiri hakukosea kamusi. Lakini mtu anayesoma "Tumia" peke yake anajiuliza: nitumie nini? Neno hili linabeba kazi nyingi. Tunatumia kifaa, tunatumia fedha, na mtu akisema "nitumie picha" anaomba apelekewe. Herufi moja tu ndiyo inayolitenga na "Tuma", na kwenye skrini ndogo, kwa jicho linalopita haraka, herufi hiyo huponyoka. Mtu anayetafuta nafasi ya mafunzo akiona neno linalokaribia "Tuma", anaogopa kwamba ataombewa nafasi ambayo bado hajaichagua. Anarudi nyuma, na ana haki ya kufanya hivyo.

Kuongeza nomino kunasaidia kidogo. "Tumia vichujio" inaeleweka kwa anayejua vichujio ni nini, lakini bado inaeleza kazi ya mashine, wakati mtu anataka kujua atakachokiona. Andika matokeo: "Onyesha nafasi". Kama seva inaweza kuhesabu kabla ya kubonyeza, weka na idadi, "Onyesha nafasi 12", ili mtu ajue kama amebana sana. Hesabu ikiwa sifuri, usimwache abonyeze aone ukurasa mtupu. Zima kitufe na uandike "Hakuna nafasi inayolingana".

Bahati nzuri "nafasi" haibadiliki kwa wingi. Kama programu yako inachuja maombi au vyeti, utahitaji matini mawili, la umoja na la wingi, kwa sababu "Onyesha maombi 1" inasomeka vibaya. Kwenye Android kazi hiyo hufanywa na `plurals`, na kwa Kiswahili inatosha kujaza `one` na `other`.

"Tumia" hubaki salama pale nomino yake inapofunga maana nyingine zote, na pale kitendo chenyewe ni cha kutumia kweli: "Tumia picha hii" baada ya kupiga picha ya cheti, au "Tumia namba nyingine" kwenye ukurasa wa kuhakiki. Peke yake, kwenye kitufe kikuu, sioni mahali ambapo linafaa.

Dalili: mtu anasema "niliomba", lakini hata rasimu yake haina jibu moja

Huyu alifika kwenye ukurasa wa maelezo ya nafasi, akabonyeza "Omba", ikafunguka fomu, akafunga programu. Kwake yeye, ombi lilikwisha alipobonyeza. Fomu aliiona kama nyongeza, maelezo ya hiari ya kujaza baadaye.

Neno "omba" ni zuri na linajulikana: watu huomba kazi, huomba mkopo, huomba chuo. Kasoro yake hapa ni kwamba linataja jambo zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, wakati kitufe kinafungua mlango tu. Kitufe cha kwanza kiseme kwamba ni mwanzo: "Anza kuomba" au "Jaza fomu ya maombi". Napendelea "Anza kuomba", kwa sababu linamwandaa mtu kwa kazi iliyo mbele. Anayeanza anajua kuna kumaliza. Mtu mwenye rasimu aone "Endelea na ombi" mahali pale pale. Akiona tena "Omba" atadhani anaanza upya na kupoteza alichoandika.

Kuna chanzo kingine cha ndani zaidi, na ndicho cha kuangalia mapema. Katika programu hii, kitufe cha vichujio na kitufe cha kuomba nafasi vilikuwa vinachota matini kutoka jina moja, hivyo toleo moja lilisema "Tumia" kwenye skrini zote mbili na jingine likasema "Omba":

```xml
<string name="apply">Apply</string>
```

Kwa Kiingereza neno hilo moja linafanya kazi kwenye skrini zote mbili. Kwa Kiswahili haiwezekani. Ukiandika "Omba", ukurasa wa vichujio utamwambia mtu aombe. Ukiandika "Tumia", ukurasa wa nafasi utamwambia atumie. Mfasiri hana namna ya kushinda, na mara nyingi hajui hata kwamba kuna skrini mbili. Timu ikibadilisha neno ili kurekebisha skrini moja, inaharibu nyingine, kisha lalamiko jipya linakuja wiki zijazo na neno linarudishwa kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo usibadilishe neno kabla ya kutafuta jina la matini kwenye msimbo mzima wa programu na kuhesabu skrini zinazolitumia. Zikiwa zaidi ya moja, na vitendo vyake ni tofauti, gawanya:

```xml
<!-- Kitufe cha chini, ukurasa wa vichujio -->
<string name="filter_show">Onyesha nafasi</string>
<!-- Hufungua fomu; hakuna kinachotumwa -->
<string name="form_start">Anza kuomba</string>
```

Maoni yale juu ya kila matini ndiyo msaada wa pekee ambao mfasiri asiye na skrini anaupata. Sentensi moja inatosha, mradi itaje kitendo kinachofuata kubonyeza. Ukitumia Flutter, maelezo hayo huwekwa kwenye `description` ndani ya faili la ARB. Ukitumia gettext, `msgctxt` hutenganisha matini mawili yenye Kiingereza kimoja. Na majina ya matini yafuate kitendo na mahali. Jina kama `apply` au `submit` linakaribisha mtu mwingine kulichukua kwa skrini yake mpya, na tatizo linazaliwa tena.

Dalili: mtu amekaa kwenye ukurasa wa msimbo, anasubiri, au anaandika namba zake mwenyewe

Ukurasa unaonyesha namba ya simu na kitufe "Tuma msimbo". Nani anatuma, nani anapokea? Kwa kitenzi cha kuamuru, anayeambiwa ndiye mtendaji: wewe, tuma msimbo. Mtu anatafuta msimbo wa kutuma, hana. Wengine hufungua sehemu ya ujumbe mfupi wakitafuta namba ya kuutumia. Hii ni dalili inayosahaulika kwa sababu wengi hatimaye hubonyeza kwa kukosa la kufanya, na ujumbe ukifika wanaelewa. Kwenye kumbukumbu huonekana kama ucheleweshaji tu.

Kiswahili kina njia fupi ya kusema msimbo unakuja kwako: "Nitumie msimbo". Viambishi vichache tu vinageuza mwelekeo. Na ujumbe usipofika, "Nitumie tena". Wapo wanaosita kuweka sauti ya mtumiaji kwenye kitufe kimoja na sauti ya kuamuru kwenye vingine. Usawa wa mtindo ni jambo jema, lakini hapa maana ndiyo inayohitaji kulindwa, na sijaona sababu ya kumwacha mtu akisubiri kwa ajili ya usawa huo. Kama timu yako haikubali kabisa, "Pata msimbo" ni la kuamuru na mwelekeo wake ni sahihi.

Baada ya kuandika msimbo, kitufe kinasema "Thibitisha". Liache kidogo, tutalirudia, kwa sababu neno hilo hilo linatokea tena mwishoni na huko ndiko linakoumiza.

Dalili: rasimu nyingi zimekwama ukurasa wa kwanza, zote zikiwa zimejazwa vizuri

Angalia rasimu zilizoachwa. Kama watu wangekuwa wanachoka, ungeona majibu nusu nusu, kurasa zilizoachwa katikati. Ukiona ukurasa wa kwanza umejaa kabisa na wa pili haukuguswa, mtu hakuchoka. Aliamini amemaliza.

Kwenye mfano wetu, kila ukurasa wa fomu ulikuwa na "Wasilisha" chini yake, kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa unapeleka data kwenye seva. Kwa fundi, hilo ni kweli. Kwa mwombaji, kuwasilisha ni kukabidhi kazi iliyokamilika mbele ya mwenye mamlaka ya kuipokea. Ripoti huwasilishwa, bajeti huwasilishwa bungeni, hoja huwasilishwa kikaoni. Aliyewasilisha amemaliza sehemu yake na sasa anangoja majibu. Ukimwambia mtu awasilishe mara nne, mara ya kwanza ndiyo atakayoiamini.

Kurasa tatu za kwanza zibebe "Endelea". Kama unaona ni muhimu mtu ajue kwamba majibu yake hayapotei, "Hifadhi na uendelee" linasema yote mawili. Kupakia cheti kusiitwe kuwasilisha wala kutuma, kuwe "Ongeza cheti". Neno la kukabidhi libaki ukurasa wa nne peke yake, nalo litaje kinachokabidhiwa: "Wasilisha ombi".

Swali linalobishaniwa sana ni kama ukurasa huo wa mwisho useme "Wasilisha ombi" au "Tuma ombi". Tuma ni fupi, kila mtu analijua, na kwa programu nyingi ndilo ningelichagua bila kusita. Ujumbe hutumwa, picha hutumwa, maoni hutumwa: kitu kimetoka kwangu kimekwenda kwa mwingine, na naweza kutuma kingine dakika moja baadaye. Wasilisha lina uzito zaidi, na uzito huo una faida pale tu ambapo kitendo chenyewe ni kizito: kuna mpokeaji rasmi, kuna tarehe ya mwisho, na baada ya kukabidhi huwezi kubadilisha. Mfano wetu una vyote vitatu. Tena tangazo la nafasi zenyewe linasema "mwisho wa kuwasilisha maombi", na mtu aliyesoma tangazo hilo anakuja akitafuta neno hilo. Programu hiyo pia ina "Tuma" kwenye sehemu ya kuiandikia ofisi. Kuyatenga maneno hayo mawili kunamwezesha mtu kutofautisha swali lake na ombi lake. Ndiyo maana hapa naamua kwa "Wasilisha ombi", na "Tuma ujumbe" libaki kwa mazungumzo.

Kama tangazo, barua na maelekezo yote yangesema "tuma maombi", ningegeuza uamuzi huo. Neno la kitufe lifuate neno ambalo mtu amekwisha kulisikia kabla ya kufungua programu.

Dalili: mtu alifika ukurasa wa mwisho kabisa, na bado ombi halipo

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote, na ndilo linalowaumiza watu zaidi, kwa sababu anayekwama hapa amefanya kazi yote. Ombi lina kila kitu. Kumbukumbu zinaonyesha amebonyeza "Wasilisha". Kisha kikatokea kidirisha: "Una uhakika?" chenye "Ghairi" na "Thibitisha". Hapo ndipo alipofunga programu, au alipobonyeza "Ghairi".

Rudi sasa kwenye "Thibitisha". Neno hili katika programu lina kazi mbili ambazo watengenezaji huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuonyesha kwamba jambo ni la kweli: namba hii ni yangu, taarifa hizi ni sahihi. Kazi ya pili ni kukubali kitendo kifanyike: ndiyo, kiwasilishe. Mtumiaji wetu alikutana nalo mara ya kwanza kwenye ukurasa wa msimbo, na pale lilikuwa na kazi ya kwanza. Alifundishwa na programu yenyewe kwamba kuthibitisha ni kuhakikisha namba. Akilikuta tena mwishoni, tayari amebonyeza "Wasilisha", na haoni kwamba kitendo kile kilikuwa kinangoja ruhusa. Anasoma kidirisha kama swali la ziada kuhusu ukweli wa taarifa zake, au kama taarifa ya kawaida tu. Wengine wanadhani wameombwa tena msimbo na kwenda kuutafuta.

Jaribio rahisi la kutambua chanzo hiki: ficha skrini yote isipokuwa vitufe viwili vya kidirisha, mwonyeshe mtu, umwulize kila kimoja kitafanya nini. Akihitaji kusoma swali la juu ili ajibu, vitufe havijitoshelezi. Kwenye simu watu wengi hawasomi swali. Jicho linashuka moja kwa moja kwenye vitufe.

Marekebisho ya kwanza ni kujiuliza kama kidirisha kinahitajika. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG, kwenye kigezo cha 3.3.4, unashughulikia kurasa zenye wajibu wa kisheria, malipo au data ya mtumiaji, na unataka angalau moja kati ya mambo matatu: kitendo kiweze kutenguliwa, au taarifa zikaguliwe na mtu apewe nafasi ya kusahihisha makosa, au apewe nafasi ya kupitia na kuridhia kabla ya mwisho. Ukurasa wa nne wa fomu yetu unaonyesha majibu yote kwa muhtasari, kila moja likiwa na "Badilisha" pembeni. Hapo mtu amekwisha pewa nafasi ya kupitia. Kidirisha juu yake ni kizuizi cha pili kwa kitendo kile kile, na kila kizuizi ni mahali pengine pa kupotelea. Kiondoe. "Wasilisha ombi" kwenye ukurasa wa muhtasari kiwasilishe kweli.

Kama kanuni za ofisi zinalazimisha kidirisha kibaki, kitufe kirudie kitenzi kilichomleta mtu hapo. Swali liwe "Uwasilishe ombi sasa? Hutaweza kulibadilisha baadaye." Vitufe viwe "Wasilisha sasa" na "Rudi nirekebishe". Mtu asiyesoma swali bado atajua afanye nini.

Kwenye ukurasa wa msimbo, "Thibitisha" linaweza kubaki likipewa nomino, "Thibitisha namba", ingawa mimi ningeandika "Hakiki namba" ili kitenzi cha kuthibitisha kisibaki na kazi mbili ndani ya programu moja. Thibitisha lifae mahali ambapo mtu anatoa neno lake kuhusu jambo, kwa mfano akipewa nafasi na kuulizwa kama atahudhuria. "Thibitisha kuhudhuria" ni sahihi kabisa, kwa kuwa hakuna kitenzi kingine kinachoeleza jambo hilo vizuri zaidi.

Tahadhari na kidirisha cha kuondoa ombi. Nimeona mpangilio huu kwenye programu zaidi ya moja: swali "Ungependa kughairi ombi lako?", vitufe "Ghairi" na "Thibitisha". "Ghairi" hapa ni kughairi ombi, au kughairi huko kughairi? Mtu anayetaka kubaki na ombi lake atabonyeza lipi? Hakuna jibu, na matokeo ya kukosea hayarudishiki. Andika "Ondoa ombi" na "Baki na ombi". Usilitumie "Ghairi" kama kitufe cha kujitoa kwenye kidirisha ambacho chenyewe kinahusu kughairi.

Dalili: maombi mawili au matatu ya mtu mmoja, yamepishana kwa sekunde chache

Neno la kitufe lilieleweka, tatizo ni kilichofuata. Mtu alibonyeza, hakuona mabadiliko, akabonyeza tena. Kwa upande wa mfumo, seva lazima ijue kutambua ombi lililorudiwa, hilo halina mjadala. Kwa upande wa maneno, kitufe kinapobonyezwa kibadilike papo hapo kuwa "Inawasilisha…" na kizimwe, kisha skrini ya mwisho itumie kitenzi kile kile: "Ombi limewasilishwa", pamoja na namba ya ombi na saa. Ukibadilisha kitenzi hapa, ukaandika "Imetumwa" au "Imefanikiwa", mtu anabaki na shaka kama ni kitendo kile kile kilichofanikiwa.

Hapa ndipo Kiswahili hukataa njia ya mkato ambayo mafundi huipenda:

```xml
<string name="sent">%1$s imetumwa</string>
```

Ukiingiza "Ombi" unapata "Ombi imetumwa". Ukiingiza "Ujumbe" unapata "Ujumbe imetumwa". Ngeli zinagoma: ombi limetumwa, ujumbe umetumwa, cheti kimetumwa, malipo yametumwa. Andika sentensi kamili kwa kila kitu kinachotumwa. Ni mistari minne au mitano zaidi kwenye faili, na mtu anasoma lugha yake badala ya vipande vilivyounganishwa.

Mtandao ukikatika, usikae kimya na usiseme kitu kisicho kweli. "Ombi limehifadhiwa kwenye simu. Halijawasilishwa." Sentensi ya pili ni ya lazima. Mtu akiona "limehifadhiwa" pekee huweza kudhani limehifadhiwa ofisini. Kitufe chini yake kiwe "Wasilisha tena" kama jaribio limeshindikana kabisa. Kama programu itajaribu yenyewe mtandao ukirudi, iseme hivyo na iondoe kitufe.

Dalili: inaeleweka kwenye simu ya fundi, haieleweki kwenye simu ya mtumiaji

Mwombe picha ya skrini. Android 14 inaruhusu maandishi kukuzwa hadi asilimia 200, na kitufe chenye upana uliofungwa kitakata "Wasilisha ombi" kuwa "Wasilish…". Usitatue kwa kufupisha neno. Ruhusu mistari miwili, na kimo kiwe cha chini kabisa 48dp kinachoweza kukua:

```xml
android:minHeight="48dp"
android:layout_height="wrap_content"
```

Kagua pia jina ambalo kisomaji cha skrini hulisoma. Mara nyingi kitufe kimetafsiriwa lakini `contentDescription` imebaki ya lugha ya awali, hivyo asiyeona husikia neno tofauti na lile ambalo jirani yake analiona, na anayeamuru simu kwa sauti akitaja neno lililo kwenye skrini hapati kitu. Kwa kitufe chenye maandishi, mara nyingi dawa ni kuifuta `contentDescription` kabisa ili maandishi yenyewe yasomwe.

Kujaribu kabla ya kutoa toleo jipya

Watu watano wasiowahi kuiona programu watakuonyesha makosa makubwa. Namna ya kuwauliza ndiyo yenye kazi. Usimwambie mtu "sasa wasilisha ombi lako", maana atatafuta neno "wasilisha" kwenye skrini na kulipata, na utaamini ameelewa. Mwambie: "Unataka ofisi ipate maombi yako leo." Halafu, kila anapokaribia kubonyeza, msimamishe na umwulize maswali matatu. Ukibonyeza hapa, nini kitatokea? Nani atakiona? Utaweza kubadilisha baadaye? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyarekebishe.

Akijibu swali la kwanza vizuri na kukosea la tatu, kitenzi ni sahihi ila uzito wake haujulikani, na hapo unaongeza mstari mdogo juu ya kitufe: "Baada ya kuwasilisha hutaweza kubadilisha majibu." Akikosea la pili, pengine unatumia "Tuma" pale ambapo hakuna mpokeaji. Akikosea la kwanza, badilisha neno. Na kama watu wawili wanatumia kitenzi kimoja ambacho hakipo kwenye skrini yako, kiandike kitufeni ujaribu na wengine.

Ukishakubaliana na neno jipya, litafute lile la zamani kila mahali linakokaa nje ya vitufe: ujumbe mfupi unaotumwa na seva, barua pepe za kupokea ombi, ukurasa wa msaada, picha za maelekezo, na maandishi ambayo wahudumu wa simu huwasomea wapigaji. Matini ya seva huwa hayamo kwenye faili la programu na hayabadiliki na toleo jipya, hivyo yarekebishwe siku ile ile toleo linapotoka. Wenye toleo la zamani wataendelea kuona "Thibitisha" kwenye kidirisha kwa muda, kwa hiyo ukurasa wa msaada ubebe maelekezo ya matoleo yote mawili hadi idadi yao ipungue.